Alama za Mzigo wa Mazoezi Zitokanazo na Mapigo ya Moyo katika Saa za Michezo: Ukokotozi Wake na Mipaka Yake katika Joto la Pwani ya Kilwa na Lindi

Kila mkimbiaji avaaye saa ya michezo amalizapo zoezi, saa humpa namba moja inayodai kueleza uzito wa kazi aliyoifanya. Namba hiyo huitwa alama ya mzigo wa mazoezi. Saa hujumlisha alama za siku saba, huzilinganisha na za majuma yaliyotangulia, kisha humwambia mwanamichezo kwamba amezidisha, amepunguza au yuko sawa. Makala haya yanafafanua namna alama hiyo inavyopatikana kutokana na mapigo ya moyo, na yanaonesha kwa mfano mmoja uliokokotolewa hatua kwa hatua kwamba katika hali ya hewa ya Kilwa na Lindi alama inaweza kupanda kwa zaidi ya theluthi moja bila mkimbiaji kuongeza hata mita moja. Hoja inayoongoza ufafanuzi huu ni kwamba alama hupima mwitiko wa moyo, wala haipimi kazi iliyofanywa na miguu, na kwamba joto ndilo huyatenganisha mambo hayo mawili.

Kutoka mapigo hadi namba

Chimbuko la alama nyingi za aina hii ni kazi ya Eric Banister na wenzake katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, kuanzia miaka ya 1970. Banister alitafuta kipimo kimoja cha dozi ya mazoezi, mithili ya dozi ya dawa, ambacho kingeweza kuingizwa katika mlinganyo wa kubashiri uwezo wa mwanamichezo. Kipimo hicho hujulikana kwa kifupisho TRIMP, chenye maana ya msukumo wa mazoezi. Kwa mwanamume hukokotolewa hivi:

```
r = (HR - HRrest) / (HRmax - HRrest)
TRIMP = t × r × 0.64 × e^(1.92 × r)
```

Hapa `t` ni muda wa zoezi kwa dakika, `HR` ni wastani wa mapigo ya moyo kwa dakika wakati wa zoezi, `HRrest` ni mapigo ya mtu aliyepumzika, na `HRmax` ni mapigo ya juu kabisa ambayo moyo wake unaweza kufikia. Kwa hiyo `r` ni sehemu ya akiba ya mapigo iliyotumika: mtu aliyeketi ana sifuri, na mtu aliyefika ukomo wa moyo wake ana moja. Herufi `e` ni namba isiyobadilika ya hisabati, takribani 2.718. Kwa wanawake, 0.64 hubadilishwa kuwa 0.86 na 1.92 huwa 1.67.

Sehemu ya mlinganyo inayostahili kuangaliwa kwa makini ni kipeo. Banister hakutaka dakika moja ya kukimbia kwa kasi ihesabiwe sawa na dakika moja ya kutembea, hivyo aliipa kila dakika uzito unaokua kadiri mapigo yanavyopanda, akifuata umbo la mchirizo wa lakteti katika damu. Lakteti hubaki chini mwendo unapokuwa mwepesi, halafu hupaa ghafla mwendo unapokaza. Namba 0.64 na 1.92 ni maelezo ya kihisabati ya mchirizo huo. Ni namba za wastani zilizopatikana kwa makundi ya watu waliopimwa, wala hazitoki katika damu ya mtu anayevaa saa.

Watengenezaji wa saa hawatumii wote mlinganyo huu ulivyo. Polar, kampuni ya Kifini iliyoanzishwa mwaka 1977, hutoa alama iliyojengwa juu ya TRIMP. Firstbeat, kampuni nyingine ya Ufini iliyonunuliwa na Garmin mwaka 2020, hutumia mapigo kukadiria oksijeni ya ziada ambayo mwili utaitumia baada ya zoezi ili kurudi katika hali ya utulivu. Njia nyepesi zaidi ni ile inayohusishwa na Sally Edwards, inayogawa mapigo katika kanda tano: dakika iliyotumika kati ya asilimia 50 na 60 ya mapigo ya juu kabisa huzidishwa kwa 1, kati ya 60 na 70 kwa 2, na kuendelea hadi 5. Njia hizi zinatofautiana kwa sura, lakini zote huanza na mapigo ya moyo na zote huyatafsiri kwa kuyalinganisha na wasifu wa mvaaji uliohifadhiwa ndani ya saa. Udhaifu wa chanzo hicho hurithiwa na zote.

Mkimbiaji mmoja, barabara moja, saa mbili za siku

Tuchukue mfano wa kukokotoa. Mkimbiaji mwanamume wa Kilwa Masoko ana umri wa miaka 30, mapigo yake ya mapumziko ni 55, na saa yake imehifadhi mapigo ya juu kabisa kuwa 190. Hukimbia kwa dakika 60 katika barabara ya lami, kwa mwendo wa dakika 5 na sekunde 30 kwa kila kilomita, yaani karibu kilomita 11 kila zoezi, siku sita kwa juma. Wakati wa kusi, mwezi wa Julai, hukimbia saa kumi na mbili asubuhi, na wastani wa mapigo yake ni 145.

Akiba yake ya mapigo ni 190 kutoa 55, yaani 135. Amepanda mapigo 90 juu ya mapumziko, kwa hiyo `r` ni 90 kugawanya kwa 135, sawa na 0.667. Kipeo kinatoa 3.60. Zidisha 60 kwa 0.667, kwa 0.64, kwa 3.60: alama ni 92. Kwa juma zima anapata 552.

Ifikapo Desemba, kaskazi imeshika. Kazi yake ya kupokea samaki mashua zinaporudi inamchukulia asubuhi yote, hivyo anakimbia saa tisa alasiri. Barabara ni ileile, muda ni uleule, mwendo ni uleule. Wastani wa mapigo sasa ni 158. `r` inakuwa 0.763, kipeo kinatoa 4.33, na alama ni 127. Mapigo yamepanda kwa asilimia 9 tu, ilhali alama imepanda kwa asilimia 38, kwa sababu kipeo hukuza kila ongezeko. Juma lake sasa lina alama 762. Njia ya kanda haimwokoi: asilimia 80 ya 190 ni 152, kwa hiyo asubuhi alikuwa katika kanda inayozidishwa kwa 3 na kupata 180, na alasiri amevuka hadi kanda ya 4 na kupata 240.

Saa nyingi hulinganisha juma la sasa na wastani wa majuma manne. Majuma matatu ya 552 na moja la 762 yana wastani wa 604.5, na 762 ikigawanywa kwa hiyo inatoa 1.26. Katika fasihi iliyotokana na kazi za Tim Gabbett, uwiano kati ya 0.8 na 1.3 ulielezwa kuwa eneo salama, ingawa matumizi ya uwiano huo kubashiri majeraha yamekosolewa vikali, hasa na Franco Impellizzeri na wenzake. Mkimbiaji wa mfano huu amefika karibu na ukomo wa juu wa eneo hilo bila kubadilisha chochote katika programu yake isipokuwa saa ya siku.

Joto hufanya nini

Ongezeko la mapigo 13 si kosa la saa. Moyo umedunda kweli. Mwili unaokimbia huzalisha joto jingi, na njia kuu ya kulitoa ni kupeleka damu kwenye ngozi na kuvukiza jasho. Damu iliyoko kwenye ngozi hairudi moyoni kwa wepesi, na jasho hupunguza majimaji ya damu. Hivyo kila pigo moja husukuma damu kidogo kuliko awali. Ili misuli ipate oksijeni ileile, moyo hulipa pengo kwa kudunda mara nyingi zaidi. Ndiyo maana katika zoezi refu la mwendo usiobadilika mapigo hupanda taratibu kadiri dakika zinavyosonga, hata pale ambapo miguu haijaongeza kasi.

Pwani huongeza tatizo la pili, nalo ni unyevu. Jasho hupoza mwili pale tu linapovukiza. Hewa ya Lindi mjini au Kilwa Kivinje wakati wa kaskazi imebeba mvuke mwingi tayari, hivyo sehemu kubwa ya jasho hudondoka chini bila kumpoza aliyelitoa. Mkimbiaji hupoteza maji na bado hapati ubaridi aliopaswa kuupata kwa maji hayo. Mkimbiaji wa nyanda za juu anayekimbia kwenye jua kali lakini katika hewa kavu hana hasara hii kwa kiwango hicho. Mapigo yake, hata hivyo, hupandishwa na uhaba wa oksijeni wa mwinuko, kwa hiyo alama za Arusha na za Lindi hazilinganishiki moja kwa moja hata kwa wanariadha wawili wenye uwezo sawa.

Ramadhani nayo ina nafasi yake katika hesabu hii. Mwaka 2025 mwezi huo uliangukia Machi, kabla joto halijapungua, na kwa kuwa hutangulia takribani siku 11 kila mwaka, miaka inayofuata unaingia zaidi ndani ya kaskazi. Mkimbiaji aliyefunga anayefanya zoezi saa moja kabla ya futari huanza akiwa tayari amepungukiwa maji. Mwendo mwepesi humpa alama ya mwendo wa kati, na usiku saa inaweza kumwonya kwamba amejikaza kupita kiasi. Onyo hilo si la kupuuzwa, maana moyo wake umebeba mzigo wa kweli. Kosa ni kulisoma kana kwamba ameongeza mazoezi.

Jambo ambalo watumiaji wengi hawalitarajii hutokea baada ya siku 10 hadi 14. Mwili huzoea joto: majimaji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema, na mapigo hushuka kwa mwendo uleule. Tuseme mkimbiaji wetu anashuka kutoka 158 hadi 151. `r` sasa ni 0.711 na alama ni 107, yaani 642 kwa juma badala ya 762. Mwili wake umeimarika, lakini saa inasoma kwamba mzigo umepungua kwa alama 120. Akiamua kuifuata saa na kurudisha 762, hesabu haina huruma: 762 kugawanya kwa 107 ni zaidi kidogo ya 7. Atalazimika kukimbia siku zote saba. Kilomita 65 kwa juma zinakuwa 76, na siku ya kupumzika inatoweka. Mifupa ya muundi na kano za kisigino haziathiriwi na sababu iliyoshusha mapigo. Zenyewe hubeba hatua zilizoongezwa, na hapo ndipo jeraha hupatikana kwa kufukuza namba.

Mapigo ya juu kabisa na saa ya kuazimana

Mfano wa juu ulichukulia kwamba 190 ni namba sahihi. Saa iliipata kwa kutoa umri kutoka 220, kanuni inayohusishwa na mapitio ya Fox, Naughton na Haskell ya mwaka 1971, ambayo haikutokana na jaribio lililobuniwa kwa kusudi hilo. Hirofumi Tanaka na wenzake walipendekeza mwaka 2001 kanuni ya 208 kutoa asilimia 70 ya umri, inayompa mtu wa miaka 30 mapigo 187. Kanuni zote mbili hueleza wastani wa watu wa rika moja. Mtu mmojammoja huweza kutofautiana na wastani huo kwa mapigo 10 au zaidi, bila ya kuwa na ugonjwa wowote.

Tofauti hiyo si ndogo. Iwapo ukomo wa kweli wa mkimbiaji wetu ni 178, zoezi lake la asubuhi lilistahili alama 114 badala ya 92. Iwapo ni 202, lilistahili 76. Mlinganyo haukubadilika na mapigo yaliyopimwa hayakubadilika. Kilichobadilika ni kikomo kimoja kilichojazwa siku saa ilipowashwa mara ya kwanza. Kwa mtu mmoja anayejilinganisha na nafsi yake kosa hili huvumilika, kwa sababu linajirudia kila siku kwa mwelekeo uleule. Kwa kulinganisha watu wawili halivumiliki.

Ni hapa ambapo mazingira ya shule na vilabu vya ukanda huu yanahitaji tahadhari ya pekee. Saa hizi ni ghali, na ni jambo la kawaida saa moja itumiwe kwa zamu na wanariadha kadhaa wanaojiandaa kwa UMISSETA. Saa haimtambui aliyeivaa. Mwanafunzi wa kike wa miaka 17 anayevaa saa ya mwalimu wa miaka 40 hupimwa kwa ukomo wa mapigo 180, kwa mapigo ya mapumziko ya mwalimu, na kwa namba za kiume. Athari ya namba hizo pekee inaonekana kwa kurudia hesabu ya asubuhi: kwa `r` ileile ya 0.667, mlinganyo wa wanawake hutoa 105 na ule wa wanaume 92. Aidha, jumla ya siku saba itakuwa mchanganyiko wa miili mitatu au minne, na ushauri wa kupumzika utakaotolewa hautamhusu yeyote kati yao.

Kihisi cha mkononi

Mpaka hapa imechukuliwa kwamba mapigo yamepimwa sawasawa. Saa hupima kwa kumulika ngozi kwa taa ya kijani na kusoma mwanga unaorudi, ambao hubadilika kadiri damu inavyojaa na kupungua katika mishipa midogo. Mkono unaporushwa wakati wa kukimbia, damu huyumba pia kwa mdundo wa hatua, na kihisi huweza kuushika mdundo huo badala ya ule wa moyo. Mkimbiaji anayepiga hatua 165 kwa dakika anaweza kuoneshwa mapigo 165 ilhali moyo wake uko 140. Mkanda uliolegea kwa jasho, hali ya kawaida pwani, huzidisha uwezekano huo.

Kosa hili hutambulika kwenye mchoro wa zoezi. Mapigo ya kweli hupanda kwa dakika kadhaa mwanzoni, huitikia kilima na huchelewa kidogo kushuka. Mapigo yaliyotekwa na hatua huruka ndani ya dakika ya kwanza, kisha hukaa kama mstari ulionyooka, sambamba na mchoro wa hatua. Mkanda wa kifuani, ambao husoma umeme wa moyo wenyewe, hauna udhaifu huu.

Swali la rangi ya ngozi huulizwa mara kwa mara, na kwa haki, kwa kuwa melanini hufyonza mwanga wa kijani. Utafiti wa Brinnae Bent na wenzake wa mwaka 2020 haukupata tofauti kubwa ya usahihi kati ya rangi za ngozi, bali ulipata tofauti kati ya vifaa na kati ya mtu aliyetulia na anayejongea. Kwa mkimbiaji wa Kilwa, mwendo wa mkono unabaki kuwa mshukiwa wa kwanza.

Kinachobaki nje ya hesabu, na njia ya kuisahihisha

Mkimbiaji wa mfano huu amebeba matenga ya samaki asubuhi nzima kabla ya kuvaa saa. Alama yake ya siku haina habari ya kazi hiyo. Vivyo hivyo kwa mchezaji wa mpira aliyeshinda akivuta jarife, au kwa mwanamke aliyekwenda shamba la mwani maji yalipokupwa kisha jioni akaingia uwanjani kucheza netiboli. Mzigo wa mazoezi katika maisha ya namna hii ni sehemu tu ya mzigo wa mwili, na huenda si sehemu kubwa zaidi.

Carl Foster na wenzake walipendekeza miaka ya 1990 njia isiyohitaji kifaa: takribani nusu saa baada ya zoezi mwanamichezo huulizwa lilikuwa gumu kiasi gani kwa kipimo cha 0 hadi 10, na jibu huzidishwa kwa dakika. Zoezi la asubuhi likipewa 4 huwa 240, na la alasiri likipewa 6 huwa 360. Njia hii nayo huathiriwa na joto, ila hubeba pia uchovu wa matenga, kwa kuwa mtu aliyechoka huona zoezi lilelile kuwa gumu zaidi.

Kinachoweza kufanywa na saa ileile ni kuandika kando ya alama vitu vitatu: umbali, mwendo na saa ya siku. Zoezi likigawanywa nusu mbili za mwendo sawa, na mapigo ya nusu ya pili yakazidi ya kwanza waziwazi, joto au upungufu wa maji umeingia katika alama. Alama ikipanda huku kilomita zikiwa zilezile, mazoezi hayajaongezeka. Ikishuka huku mwendo na joto vikiwa vilevile, mwili umezoea. Kwa mkimbiaji wetu wa Desemba, daftari la namna hiyo lingeonesha kilomita 65 katika juma la 552, 65 katika juma la 762, na 65 katika juma la 642.